Kutoka Taarifa ya Benki Hadi Meza ya Mfadhili: Hotuba kwa Wahazini wa Vikundi na Kamati za Shule, Tabora

Ndugu Mwenyekiti, wahazini na makatibu wa vikundi, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule mliofika kutoka Uyui, Sikonge, Urambo na hapa Manispaa, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia akaunti ya mradi na taarifa za fedha anazopelekewa mfadhili. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa hesabu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na tangu nistaafu nimekuwa mhazini wa kikundi cha wazazi katika shule ya msingi ya kijijini kwetu. Sitagusa habari ya kuandika andiko la kuomba ruzuku, kwa sababu hilo lina walimu wake. Nitaanzia pale fedha inapoingia, na nitaishia pale mfadhili anapopokea hesabu ya mwisho.

Watu wengi hudhani kwamba mfadhili anataka akaunti ya peke yake kwa sababu hana imani nasi. Huenda wapo wenye fikra hiyo, lakini sababu ya kweli ni ya kihesabu. Akaunti ikiwa ya mradi mmoja tu, kila mstari unaoonekana kwenye taarifa ya benki ni mstari wa mradi, na taarifa hiyo inakuwa shahidi ambaye si mimi wala si mwenyekiti wangu. Fedha za ruzuku zikiingia katika akaunti moja na michango ya chakula cha mchana, ada za wanachama na mauzo ya asali ya kikundi, basi shahidi huyo ananyamaza. Salio la shilingi milioni tatu halisemi ni la nani. Mhazini atabaki kueleza kwa mdomo, na maelezo ya mdomo hayaambatanishwi kwenye taarifa.

Kufungua akaunti yenyewe hakuna ugumu mkubwa. Kikundi kilichosajiliwa halmashauri kinapeleka benki cheti chake cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti ukiwa na majina na saini za waliohudhuria, na vitambulisho vya watakaotia saini. Muhtasari uandike jina la mradi ndani ya jina la akaunti, na uandike pia kwamba malipo yoyote yanahitaji saini mbili kati ya tatu. Kwa shule ya serikali njia ni nyingine kidogo: mwalimu mkuu na kamati yake hawafungui akaunti kwa uamuzi wao peke yao, bali hupitia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa hiyo barua yake ya ruhusa iombwe mapema, kabla mfadhili hajaulizia namba ya akaunti. Nimeona shule ikimpa mfadhili namba ya akaunti ya mwalimu mmoja ili "kuokoa muda". Muda uliookolewa pale ulilipwa baadaye kwa maelezo ya miezi minane.

Jambo moja la siku hizi lisipite bila kusemwa. Tunaweka watia saini watatu, tunapigwa picha benki, kisha karani anauliza ni simu ya nani iunganishwe na huduma za benki kwa simu, na mhazini anataja yake. Kama huduma hiyo inaruhusu kutuma fedha, basi saini mbili zimekwisha kufutwa na namba ya siri ya mtu mmoja. Ombeni simu iunganishwe kwa kuangalia salio na kupokea ujumbe tu, na ujumbe huo wa fedha kuingia au kutoka ufike kwa watia saini wote watatu kama benki yenu inaweza kufanya hivyo.

Sasa nitaeleza kosa langu mwenyewe, maana ni rahisi kuzungumzia la mwenzio. Katika mradi wetu wa kwanza, mwanachama alifiwa, na mfuko wa kufa na kuzikana ulikuwa mtupu. Tulikaa usiku uleule nyumbani kwa mwenyekiti, tukakubaliana kwamba tutoe shilingi 300,000 katika akaunti ya mradi, tumzike mzee wetu, kisha tuchangishane na kurudisha. Na kweli tulirudisha zote, siku ya 19. Hakuna aliyekula hata senti. Lakini mkaguzi wa mfadhili alipokuja alipiga mstari kwa kalamu nyekundu mahali pawili kwenye taarifa ya benki: fedha iliyotoka bila hati ya malipo, na fedha iliyoingia ambayo mfadhili hakuituma. Awamu ya pili ilizuiwa hadi tuandike maelezo, maelezo yakaenda na kurudi, mvua za Novemba zikaanza, na shimo la msingi tulilokwisha kulichimba likajaa maji na kubomoka kingo. Tulilichimba upya kwa michango yetu. Wapo watakaosema kwamba huo ni ukatili, kwa kuwa msiba hausubiri. Mimi nasema msiba ulikuwa na haki yake, ila haukuwa na kifungu katika bajeti, na fedha ile haikuwa yetu kuikopesha. Tangu hapo mfuko wa msiba una kisanduku chake, na mhazini wa kisanduku hicho si mimi.

Tuje kwenye kazi ya kila mwezi, ambayo ndiyo taarifa yenyewe, ingawa watu hudhani taarifa huandikwa mwishoni. Siku ya mwisho ya mwezi, chukueni taarifa ya benki na daftari lenu la fedha, mkayaweke pamoja mezani na kuyalinganisha mstari kwa mstari. Masalio hayo mawili karibu kila mara yatatofautiana, na si lazima iwe dalili ya wizi. Kazi yenu ni kueleza tofauti hiyo yote hadi ibaki sifuri.

Nitawapa mfano wa mradi wetu wa pili, wa kujenga matangi mawili ya kuvunia maji ya mvua shuleni. Mwisho wa Agosti daftari langu lilionyesha salio la shilingi 4,318,000, na benki ilionyesha shilingi 5,106,400. Nilianza upande wa benki. Tarehe 29 tulikuwa tumemwandikia muuza saruji na nondo hundi ya shilingi 854,000, naye hakuwa ameipeleka benki. Fedha hiyo haikuwa yetu tena, ingawa benki ilikuwa bado haijui. Nikaiondoa, benki ikabaki na 4,252,400. Kisha nikaja upande wa daftari. Benki ilikuwa imekata ada ya mwezi na makato ya kutuma fedha, jumla shilingi 11,600, ambayo mimi sikuwa nimeiandika. Nikaiondoa, daftari likabaki na 4,306,400. Tofauti iliyobaki ilikuwa shilingi 54,000 kamili.

Hapa ndipo mhazini mvivu huandika "tofauti ndogo" na kufunga daftari. Mimi nilifundishwa ushirikani kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kwanza tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kugawanyika kwa 9 si uthibitisho, lakini kunakuonyesha pa kuanzia. Elfu 54 ukigawa kwa 9 unapata elfu 6 kamili. Nikapitia hati za malipo nikitafuta kiasi ambacho kikigeuzwa kinaleta tofauti hiyo, na nikakipata katika hati ya lori la mchanga: tulilipa shilingi 93,000, na mimi, kwa taa ya kibatari na macho ya uzee, nilikuwa nimeandika 39,000. Nikasahihisha kwa kupiga mstari mmoja juu ya namba ya zamani ili iendelee kusomeka, nikaandika namba sahihi pembeni na kutia saini. Daftari likafika 4,252,400, sawasawa na benki. Ukurasa huo wa ulinganisho ulisainiwa na mimi pamoja na katibu, ambaye yeye hana ruhusa ya kuandika katika daftari. Msitumie wino mweupe wa kufutia katika vitabu vya fedha, kwa kuwa chini ya wino ule mkaguzi huona kila kitu isipokuwa usahihi.

Kuhusu stakabadhi nitasema machache. Muuzaji wa mjini mwenye mashine atoe risiti ya EFD yenye jina la kikundi, si jina la aliyetumwa. Muuza mchanga, mchimba shimo na mwenye mkokoteni hawana mashine, na kwao tunatumia hati ya malipo yenye jina kamili, namba ya simu, kazi iliyofanyika, siku zilizofanyika, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na saini au dole gumba mbele ya shahidi. Lakini hebu niwaonyeshe hii. Karatasi hii ninayoinua hapa ni risiti ya mabomba, ya kweli, ya mashine, na kama mnavyoona haina kitu. Ni nyeupe tupu. Karatasi za mashine hizi huandikwa kwa joto wala si kwa wino, na joto hilohilo huzifuta. Hii ilikaa kwenye faili chini ya bati Septemba na Oktoba yote, nanyi mnalijua joto la Tabora kabla ya mvua. Iliniokoa nakala yake. Siku unayoipokea risiti, itolee nakala, andika juu ya nakala namba ya hati ya malipo kwa kalamu ya wino, kisha zibane pamoja.

Sasa nifike mahali ambapo wahazini waaminifu wengi huumia, nako ni kwenye fedha ya kigeni. Mfadhili anatoa euro, benki inatupa shilingi, sisi tunanunua kwa shilingi, halafu mfadhili anataka hesabu kwa euro. Swali ni: tunazirudisha shilingi kuwa euro kwa kiwango cha siku gani?

Mfadhili wetu wa matangi aliahidi euro 10,000 kwa awamu mbili. Bajeti tuliiandika kwa kukadiria shilingi 2,700 kwa kila euro. Awamu ya kwanza ilikuwa euro 6,000, lakini zilizofika benki kwetu zilikuwa 5,975, kwa sababu benki iliyopo katikati ya safari ilikata euro 25 yake. Benki yetu ikazibadilisha kwa shilingi 2,650, tukapata shilingi 15,833,750. Awamu ya pili ilikuwa euro 4,000, zikafika 3,975, na kiwango cha siku hiyo kilikuwa 2,750, tukapata shilingi 10,931,250. Jumla iliyoingia katika akaunti ni shilingi 26,765,000. Mkataba wa bajeti ulitarajia milioni 27, kwa hiyo tulikuwa tumepungukiwa kabla hata ya kuchimba. Kiasi fulani cha upungufu huo kinaepukika: mwombeni mfadhili, anapojaza fomu ya kutuma fedha, achague `OUR`, yaani ada zote za kutuma azibebe yeye, badala ya `SHA`, ambayo inazigawa kati yenu. Tuliliuliza hilo baada ya awamu ya pili, nalo likawa funzo la mradi unaofuata.

Mwisho wa mradi tulikuwa tumetumia shilingi 26,229,700, na benki palikuwa na salio la shilingi 535,300. Kijana mmoja mwenye kompyuta, mwenye nia njema kabisa, akatusaidia kuandaa taarifa. Aliangalia kiwango cha siku ile mtandaoni, akaona shilingi 2,800, akagawa matumizi yote kwa 2,800. Taarifa ikasema tumetumia euro 9,367.75. Angalieni maana yake. Mfadhili anajua ametoa euro 10,000, kwa hiyo atasoma kwamba tumebakiwa na euro 632.25, na kwa kiwango hicho hicho cha 2,800 atatarajia akaunti iwe na shilingi 1,770,300. Akaunti ina 535,300. Shilingi 1,235,000 hazipo, na hakuna aliyeziiba. Zimepotelea ndani ya hesabu ya kugawa. Nilipoisoma rasimu ile usiku sikupata usingizi, kwa sababu nilijua kila risiti ilipo na bado karatasi ilinisema mwizi.

Njia iliyo sahihi, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo, ni kutumia kiwango ambacho fedha zenyewe zilibadilishwa zilipoingia. Mkiwa na awamu zaidi ya moja, mnatafuta wastani wenye uzito, yaani shilingi zote zilizoingia zikigawanywa kwa euro zote zilizotolewa:

```
26,765,000 / 10,000 = 2,676.50
```

Msichukue viwango viwili, 2,650 na 2,750, na kuvijumlisha kisha kugawa kwa mbili, kwa sababu awamu ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya pili na lazima ivute zaidi upande wake. Sasa gawanyeni matumizi yetu kwa 2,676.50: mnapata euro 9,800 kamili. Salio la shilingi 535,300 linakuwa euro 200 kamili. Elfu tisa na mia nane ukijumlisha na mia mbili ni elfu kumi, na mfadhili ameziona euro zake zote.

Hapa pana mtego mdogo ambao hata wahasibu wa mjini huingia. Kiwango hiki cha 2,676.50 kimekwisha kumeza zile euro 50 zilizokatwa njiani, kwa sababu tumegawa kwa euro zilizotolewa na si zilizofika. Kwa hiyo msiziandike tena kama matumizi ya "ada za benki", mtakuwa mmezihesabu mara mbili. Kama mfadhili anataka kuziona zikiwa na mstari wake, basi gawanyeni kwa euro 9,950 zilizofika, mpate kiwango cha 2,689.95, kisha muandike euro 50 kuwa ada. Njia zote mbili ni halali. Kuzichanganya ndiko kosa. Wapo pia wafadhili wanaotaka awamu ya kwanza iishe kwa kiwango chake ndipo mwanze kutumia kiwango cha awamu ya pili, na hao mtawajua kwa kusoma mkataba mapema, wakati daftari bado ni jeupe. Kwa vyovyote vile, ile karatasi ya benki inayoonyesha fedha iliyoingia na kiwango kilichotumika siku hiyo ni hati ya kwanza katika faili. Ombeni benki iwape siku ileile. Baada ya mwaka mtazungushwa sana madirishani.

Katika taarifa yenyewe, wekeni safu tatu zinazosomana: kilichopangwa, kilichotumika, na tofauti, kwa vifungu vilevile na kwa mpangilio uleule uliopo katika bajeti ya mkataba. Msibuni kifungu kipya. Kwetu nondo zilipanda bei na kifungu cha vifaa kikazidi, wakati kifungu cha usafiri kilibaki na fedha. Mikataba mingi inaruhusu kuhamisha kiasi kidogo kati ya vifungu na inataka ruhusa ya maandishi kwa kiasi kikubwa, na mpaka huo umeandikwa ndani ya mkataba kwa asilimia. Sisi tuliomba ruhusa kabla ya kununua nondo. Barua ilikuwa na sentensi nne na ankara mbili za bei, ya zamani na ya mpya, na jibu lilikuja siku ya sita. Ruhusa ikiombwa baada ya kununua haiwi ruhusa tena, inakuwa kuomba msamaha, na mfadhili hana wajibu wa kuukubali. Kama akaunti imezaa riba, hata shilingi mia nne, iandikeni kuwa mapato ya mradi.

Limebaki lile salio la shilingi 535,300. Wenzangu kikaoni walitaka liende kwenye madawati, na hoja yao ilikuwa nzuri, kwa sababu darasa la tatu lilikuwa na watoto waliokaa chini. Lakini madawati hayakuwa katika bajeti ya maji. Tuliandika kueleza kiasi kilichobaki kwa shilingi na kwa euro, tukaambatanisha taarifa ya benki ya siku ileile, na tukapendekeza mambo mawili: kulirudisha, au kulitumia kuongeza mifereji ya bati upande wa jengo la ofisi ya walimu ili tangi la pili lijae haraka. Fedha tuliiacha ikae benki, hatukuigusa, ingawa ada ya mwezi iliendelea kuikata kidogo kidogo, nasi tukaionyesha ada hiyo. Mfadhili alichagua mifereji. Tulinunua, tukafunga, hati ya malipo ya mwisho ikapewa namba 61, kisha tukapeleka benki barua ya kufunga akaunti ikiwa na muhtasari wa kikao na saini za watia saini, ili ada zisije zikaiacha na deni. Nakala ya barua ile ya kufunga, yenye muhuri wa benki, ndiyo karatasi ya mwisho katika faili la matangi, na faili lenyewe nimekuja nalo. Liko hapa mezani; baada ya chai mwenye kutaka kulipekua karibu, ila risiti msizianike juani.